Mita ya wingu: jinsi kompyuta ilivyoanza kuuzwa kwa saa

Mwaka juzi nilikodi seva tatu mtandaoni kujaribia mfumo wa duka la mteja wetu. Kazi ilikuwa ya wikiendi moja tu. Jumapili usiku nikazizima zote, nikafunga laptopu, nikalala. Baada ya miezi miwili mhasibu wetu akaniita mezani kwake na kunigeuzia skrini. "Kaka, hivi vitu bado tunavitumia?" Nikaapa kwamba nilizima. Na kweli nilikuwa nimezima. Ila diski za zile seva zilikuwa bado zimehifadhiwa kwa jina letu, pamoja na anwani tatu za mtandao nilizozichukua, na vyote vilikuwa vinahesabiwa kwa saa, usiku na mchana.

Kwa mtu aliyezoea LUKU, jambo hili halimwingii kichwani. LUKU unanunua yuniti, unabonyeza tarakimu 20 za tokeni, na yuniti zikiisha giza linaingia. Unajua kabisa umefika mwisho. Mita ya wingu ni ya mtindo wa zamani, ule wa mtu wa shirika kupita na daftari lake mwisho wa mwezi: hukatiwi, unaletewa ankara.

Wingu lenyewe halina maajabu. Ni kompyuta za mtu mwingine, zilizo kwenye jengo lake, unazozitumia kupitia mtandao na kulipia kadiri ulivyotumia. Watu wengi wakisimulia historia yake huanzia mwaka 2006. Mimi naona ianzie kwenye mita, na mita ya kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta ya IBM iliyojaza chumba kizima. Mtu mwenye programu aliitoboa kwenye kadi ngumu, akamkabidhi mtunza mashine bunda lake na kuondoka. Majibu aliyapata baadaye, mara nyingi kesho yake. Kama alikosea alama moja tu, alitoboa kadi upya na kurudi kwenye foleni. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake: mashine ilikuwa ghali mno kiasi kwamba muda wa binadamu ulionekana hauna thamani. Bora watu watano wasubiri kuliko mashine ikae bure dakika moja.

Januari 1959 John McCarthy, aliyekuwa akifundisha hapo hapo MIT, aliandika waraka mfupi akiupindua mtazamo huo. Hoja yake ilitokana na jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona. Mtu akikaa mbele ya kompyuta, muda mwingi anafikiri, anakuna kichwa, anaandika herufi moja moja. Kwa mashine, nafasi kati ya herufi mbili ni ndefu sana. Basi nafasi hizo wapewe watu wengine, kwa zamu fupi fupi, na kila mmoja ataona kama mashine ni yake peke yake.

Mtu aliyelifanya wazo hilo likatembea ni Fernando Corbató, naye wa MIT. Novemba 1961 yeye na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina la CTSS, wenye vituo vinne vya kuandikia vilivyoungwa kwenye kompyuta moja ya IBM 709. Ili kuelewa walichofanya, mfikirie fundi wa bao anayecheza na watu wanne kwa mpigo. Angekuwa na mabao manne, angezunguka tu kutoka moja hadi jingine. Shida ni kwamba ana bao moja. Kwa hiyo kila akimaliza mtaji wa mchezaji wa kwanza, lazima akariri kila shimo lina kete ngapi, azoe kete zote, azipange upya kama mchezo wa yule wa pili ulivyoachwa, acheze, kisha azoe tena. Kumbukumbu ya mashine ile ndiyo lilikuwa bao lenyewe. Programu ya mtu ilichukuliwa yote, ikamwagwa kwenye utepe wa sumaku wa mtu huyo, kisha ya mwenzake ikavutwa kutoka kwenye utepe wake.

Kazi hiyo isingewezekana kwa programu peke yake, ilibidi mashine ifanyiwe marekebisho. Kwanza iliwekewa saa ya kumkatiza mtu zamu yake inapoisha, maana programu iliyonasa kwenye mzunguko usio na mwisho haitamwachia mwenzake kwa hiari. Pili, uliwekwa mpaka kwenye kumbukumbu, ili programu ya fulani isichungulie wala kuharibu ya mwingine. Baadaye mfumo ulipohamia kwenye IBM 7094, kumbukumbu ziliwekwa mbili, kila moja ya maneno 32,768: moja ya msimamizi, nyingine ya wateja. Ukiingia leo kwenye seva yoyote ya kukodi, vitu hivyo viwili bado vipo chini kabisa. Bila saa na mpaka huwezi kuwaweka wageni wawili kwenye mashine moja.

Na mara watu walipoanza kugawana, mita ikafuata. Kwenye CTSS kila mtu alikuwa na nywila yake na mgawo wake wa muda. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, alipewa saa nne kwa wiki mwaka 1962, na hazikumtosha. Akagundua kwamba faili la nywila za watu wote linaweza kuchapishwa kama faili lingine lolote. Akapeleka ombi lake la kuchapisha Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi akaenda kuichukua karatasi. Kuanzia hapo akawa anafanya kazi kwa saa za wenzake, na aliungama mwenyewe miaka mingi baadaye. Huo ni miongoni mwa wizi wa kwanza kabisa wa nywila tunaoufahamu, na kilichotafutwa ni yuniti tu, si siri za mtu.

Nyuma kidogo, mwaka 1961, MIT ikiadhimisha miaka mia moja, McCarthy alisema hadharani kwamba huenda siku moja kompyuta ikaendeshwa kama huduma ya umma, mfano wa simu, mteja akalipia kiasi anachotumia tu. Wengi hulitaja neno hili kama utabiri uliotimia. Wanachoruka ni kwamba lilijaribiwa mara moja, tena kwa dhati, likashindwa.

Chuo cha Dartmouth kiliwasha mfumo wake wa kugawana muda tarehe 1 Mei 1964, saa 10 alfajiri, pamoja na lugha ya BASIC iliyobuniwa kwa ajili ya wanafunzi wasio wataalamu. Miaka michache baadaye biashara ya kukodisha muda wa kompyuta ilikuwa imepamba moto Marekani. CompuServe, ambayo wengi waliijua baadaye kwa barua pepe, ilianzishwa mwaka 1969 jimbo la Ohio, mwanzoni ikikodisha kompyuta ya kampuni ya bima. Ankara za enzi hizo ukiziangalia leo utadhani ni za wiki iliyopita: saa ulizounganishwa, sekunde ambazo prosesa imekufanyia kazi, na nafasi ya kuhifadhia mafaili yako.

Tatizo lilikuwa waya. Mteja alikaa mbele ya mashine ya kuandikia ya teletaipu iliyounganishwa kwa laini ya simu, na mashine maarufu kuliko zote ilipitisha herufi 10 kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa herufi 3,000 ulichukua dakika tano kutoka. Muda wote huo mita mbili zilikuwa zinakimbia, ya kompyuta na ya simu. Wakati huo huo bei ya mashine ilikuwa inaporomoka. Kufikia Agosti 1981 IBM ilikuwa inauza kompyuta ya mezani kwa dola 1,565. Ilikuwa dhaifu ukiilinganisha na meinfremu, zile kompyuta za kujaza chumba, lakini haikuwa na mita. Unaiwasha, unakosea, unarudia mara hamsini, na hakuna anayehesabu. Nadhani watu waliichoka mita kuliko walivyoichoka meinfremu, na hilo ni jambo la kukumbuka tunaposikia leo kwamba kulipia kwa kipimo ni nafuu kwa kila mtu.

Kitu kimoja cha enzi hiyo hakikufa. Kwenye maabara ya IBM kule Cambridge, jirani kabisa na MIT, wahandisi walikuwa wamefikiria namna nyingine ya kugawana. Badala ya kumpa kila mtu zamu ndani ya mfumo mmoja, walimpa kila mtu kompyuta nzima ya uongo. Programu ndogo, siku hizi inaitwa haipavaiza, inakaa juu ya chuma chenyewe na kumwonyesha kila mteja kile anachoamini ni prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake, mpaka anaweza kuweka mfumo endeshi anaoutaka. IBM ilianza kuiuza rasmi mwaka 1972 kwa jina la VM/370. Tofauti hii ndiyo iliyokuja kuzaa wingu. Ukimpangisha mtu chumba ndani ya nyumba yako, atafuata sheria zako za jiko na choo. Ukimpa nyumba yake mwenyewe, hata kama ukuta ni wa pamoja, atapika atakavyo.

Hila hii inategemea sharti moja. Mteja akitoa amri nzito, kwa mfano ya kuzuia mashine isikatizwe, prosesa lazima ipige kelele ili haipavaiza iingilie kati na kumfanyia maigizo. Meinfremu za IBM zilitimiza sharti hilo. Prosesa za Intel zilizojaa kwenye kompyuta za mezani hazikulitimiza. Watafiti walihesabu amri 17 kwenye Pentium zenye kasoro hiyo. Mojawapo ni `POPF`: ikitolewa na programu isiyo na mamlaka kwa nia ya kubadilisha kidhibiti cha kukatizwa, prosesa haikatai wala haitoi taarifa. Inalipuuza badiliko hilo kimya kimya na kuendelea. Mfumo endeshi wa mteja unaamini agizo lake limetekelezwa, kumbe halikutekelezwa, na haipavaiza haikusikia lolote. Kosa la namna hiyo haliangushi mashine papo hapo. Linakuja kuiangusha baadaye, mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba mashine za bei nafuu hazifai kwa kazi hii. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilitoka na dawa mwaka uliofuata: inaisoma programu ya mteja kabla haijaendeshwa na kuziandika upya zile amri korofi palepale. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kikaja mwaka 2003 na Xen, iliyofuata njia rahisi zaidi, yaani kuurekebisha mfumo endeshi wa mteja ili uombe kwa adabu badala ya kuamrisha. Intel na AMD wenyewe walikuja kuziba pengo kwenye chuma kuanzia 2005 na 2006. Lakini kufikia hapo mlango ulikuwa umeshafunguliwa: seva ya kawaida ya bei nafuu iliweza kukatwa vipande na kila kipande kikapangishwa kwa mgeni.

Mwaka 2003, ndani ya Amazon, Chris Pinkham na Benjamin Black waliandika pendekezo la kuipanga upya mitambo ya kampuni, na humo wakagusia kwamba seva pepe, yaani zile kompyuta za uongo, zingeweza kuuzwa kama huduma. Pinkham ni mtu wa Afrika Kusini na alitaka kurudi kwao. Kampuni ikamruhusu afungue ofisi Cape Town, na huko ndiko timu ndogo ilikojenga EC2, huduma ya kukodisha seva hizo, juu ya Xen. Huwa nalisema hili kila nikisikia mtu akidai teknolojia hii yote imetoka California.

Huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili, S3, ilitangulia, tarehe 14 Machi 2006, kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi. EC2 ikafuata kwa majaribio tarehe 25 Agosti mwaka huo. Seva moja yenye ramu ya gigabaiti 1.7 hivi na diski ya gigabaiti 160 ilikuwa senti 10 kwa saa. Hakukuwa na mkataba wa mwaka wala mtu wa mauzo. Kadi ya benki, amri moja, na baada ya dakika chache una seva. Diski hiyo ilikuwa na masharti, maana ukiifunga seva kila kilichokuwamo kilipotea nayo. Diski ya kudumu, ile inayobaki baada ya seva na iliyoniponza mimi, ililetwa mwaka 2008.

Mfano ulioonyesha ni nini hasa kimebadilika ulitoka gazeti la New York Times mwaka 2007. Walikuwa na picha za kurasa za zamani, terabaiti nne, na walitaka makala zipatazo milioni 11 zigeuzwe mafaili ya PDF. Kwa seva moja ingekuwa kazi ya miezi. Mhandisi mmoja alikodi seva 100 na kuzigawia kazi, ikaisha kwa chini kidogo ya saa 24. Piga hesabu: seva 100 mara saa 24 mara senti 10 ni dola 240. Sasa piga kwa seva moja: siku 100 mara saa 24 mara senti 10. Ni dola 240 zile zile. Kwenye mashine za kununua, kasi ina bei yake, ukitaka kazi iishe mara mia haraka unanunua mashine mia. Kwenye mita, kasi ilikuwa bure, ilimradi kazi yenyewe inakubali kugawanywa. Na walipomaliza wakakuta PDF zina kosa. Wakairudia kazi yote tangu mwanzo. Kwa gharama hiyo hakuna aliyeitishiwa kikao.

Mita nayo ikaendelea kunolewa. Mwanzoni saa iliyoanza ilihesabiwa nzima, kwa hiyo dakika 61 zililipiwa saa mbili. Kwa kazi fupi hilo lilikuwa balaa. Chukua seva 100 zinazofanya kazi dakika 10 tu: kwa kipimo cha saa unalipia saa 100, yaani dola 10 kwa bei ile ya zamani. Kwa kipimo cha sekunde ni dakika 1,000, sawa na dola 1.67. Amazon ilihamia kwenye sekunde tarehe 2 Oktoba 2017, kiwango cha chini kikiwa sekunde 60. Kabla ya hapo, Novemba 2014, ilikuwa imeshaanza Lambda, ambako hakuna kukodi seva kabisa. Unaweka kipande cha programu, nacho kinaamka pale tu kinapoitwa, na hadi mwaka 2020 kilihesabiwa kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Zamu za CTSS zimerudi, safari hii zikiwa na lebo ya bei.

Huku kwetu Afrika Mashariki habari ilichelewa kwa sababu ile ile iliyowaua wakodishaji wa zamani: waya. Mpaka katikati ya 2009 intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo zinakaa kilomita karibu 36,000 juu, hivyo swali likipanda na kushuka, na jibu likifanya vivyo hivyo, ni safari ya kilomita 144,000 na nusu sekunde imekwisha kabla seva haijafanya lolote. Kubonyeza kitufe na kusubiri nusu sekunde kunavumilika. Programu inayouliza hifadhidata mara arobaini kwa ukurasa mmoja haivumiliki. Kebo ya SEACOM ilipowashwa Julai 2009 ikigusa Dar es Salaam na Mombasa, ndipo kukodi seva ng'ambo kukaanza kuwa na maana kwa fundi wa kawaida.

Zimebaki sehemu mbili ambazo mita hii haifanani na ya umeme. Ya kwanza ni mlango wa kutokea. Kuingiza data kwenye wingu siku hizi kwa kawaida ni bure. Kuitoa kwa kawaida kunahesabiwa kwa gigabaiti. Ukiwa na terabaiti chache hulioni, ukiwa nazo maelfu umeshafungwa mguu. Dropbox, iliyokuwa imehifadhi mafaili ya wateja wake kwenye S3, ilijenga mitambo yake yenyewe na kuhamisha sehemu kubwa ya data, na ilipoingia soko la hisa mwaka 2018 ilieleza kwamba gharama zake za uendeshaji zilikuwa zimepungua kwa dola milioni 74.6 katika miaka miwili. Kampuni yenye mzigo usiopanda wala kushuka haifaidiki na mita, kama vile mtu anayepanda teksi kwenda kazini kila siku. Yule wa makala milioni 11 kwa siku moja ndiye anayefaidika.

Ya pili ni kwamba kuhesabu kwenyewe ni kazi ngumu. Tarehe 28 Februari 2017 mtumishi wa Amazon alikuwa akichunguza kwa nini mfumo wa ankara wa S3 unakwenda polepole. Alitaka kuondoa seva chache, akakosea kipengele kimoja cha amri, zikaondoka nyingi kuliko alivyokusudia, zikiwemo zilizoshika orodha ya kila kitu kilichohifadhiwa katika kituo cha Virginia. Tovuti nyingi sana zilisimama kwa karibu saa nne. Hata ukurasa wa kampuni wa kuwaarifu wateja kama huduma ziko hai haukuweza kubadilishwa, kwa kuwa wenyewe ulitegemea S3. Ukaendelea kuonyesha kijani.

Kuhusu seva zangu tatu, niliweka tahadhari ya bajeti ofisini, ile ya kutuma barua pepe matumizi yakivuka kiasi fulani. Siku ya kuijaribu nikagundua kwamba haihesabu papo hapo. Inajumlisha mara chache kwa siku, na ikishatuma barua haimkati mtu. Kwa hiyo sasa kila ninachokodi nakipa jina lenye tarehe ya kufa, na kuna programu ndogo inayopita kila siku saa 1 usiku kufuta kilichopitwa: seva, diski na anwani. Mhasibu alipoiona orodha ya kwanza ya vilivyofutwa, aliuliza kwa nini vipo kumi na moja na si vitatu.